Kaniki, merikani na sauti ya msimulizi: nilivyotengeneza filamu fupi ya Majimaji kwa fedha kidogo

Vita vya Majimaji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, upande wa Kilwa, na ishara yake ya kwanza ilikuwa kung'oa pamba. Hawakung'oa shamba zima. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wa kijiji cha Nandete ndio wanaotajwa kung'oa miche ya kwanza, miche michache tu, kama mtu anayetuma salamu ya vita kwa serikali ya Mjerumani. Baada ya hapo moto ukawaka kusini kote.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Simiyu. Kwa muda mrefu nilitamani kutengeneza filamu fupi ya tukio la kihistoria pamoja na klabu yetu, lakini kila nilipowaza vita niliona bunduki, farasi, maboma na mamia ya watu. Nilipokaa na habari hii ya Nandete ndipo nikaona njia. Tendo lenyewe ni dogo: mikono, mche, udongo. Linaigizwa na watu tisa kwenye kona ya shamba. Ukubwa wa yaliyofuata hauhitaji kuonyeshwa, unaweza kusemwa na msimulizi. Nikapanga filamu ya dakika sita, bajeti isizidi laki moja na nusu, chakula cha washiriki kikiwa ndani yake.

Simiyu ni mbali sana na Umatumbi, na Wasukuma hawakuwa kwenye vita hivyo. Kitu kimoja tu kilitubeba: huku kwetu pamba ipo, na Julai ni wakati wa mavuno. Mwaka 1905 pia ilikuwa hivyo. Watu waligoma wakati pamba imepasuka ikisubiri kuchumwa, kwa hiyo shamba la kwenye filamu lilipaswa kuwa na vitumba vilivyofunguka, vyeupe, na majani yaliyoanza kukauka. Ukipiga picha kwenye pamba mbichi ya kijani yenye maua, mkulima yeyote atajua umekosea msimu. Tena sheria inamtaka mkulima wa pamba ang'oe mabua na kuyachoma baada ya mavuno ili wadudu wasivuke msimu, hivyo mwenye shamba hakuona shida kutupa kona aliyokuwa amekwisha kuchuma mara mbili. Nilimwomba tu atuachie mistari michache yenye vitumba.

Kabla ya kununua hata uzi nilikwenda kwa afisa utamaduni wa wilaya, kwa kuwa mambo ya vibali vya filamu wilayani huanzia kwake, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Kwa wanafunzi nilipata ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Watu wazima walikuwa majirani zetu, na wao ndio walioigiza wakulima. Wanafunzi niliwapa kamera, maleba, vifaa na kazi ya kuangalia makosa kwenye fremu.

Sasa nije kwenye maleba, maana hapo ndipo fedha nyingi zilipokwenda na hapo ndipo filamu za aina hii huharibika.

Mwaka 1905 nguo za madukani zilizowafikia watu wengi wa kusini zilikuwa hasa za aina mbili: merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na kaniki, kile kitambaa cheusi au cha buluu iliyoiva sana. Bahati nzuri vyote viwili bado vinauzwa, na havina ushonaji. Mwanamume anajifunga kiunoni au anapitisha begani, mwanamke anajifunga kuanzia kwapani. Kitenge na khanga za leo niliviweka kando kabisa. Kitenge kinapiga kelele kwenye fremu, na khanga yenye jina iliyotoka kiwandani juzi inamrudisha mtazamaji sokoni.

Dukani nilijifunza kuwa mkali kwenye jambo moja. Kitambaa kingi kinachouzwa kama merikani siku hizi kimechanganywa na nailoni au ni tetroni. Kwa macho hukitambui, ila kwenye jua la kamera kinang'aa, na rangi ya chai haikishiki. Kipimo chake ni rahisi. Omba uzi mmoja kwenye ukingo, uuwashe kwa kiberiti. Pamba tupu inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu linalosagika kwenye vidole. Chenye plastiki kinajikunja, kinatoa moshi mweusi na kuacha kijiduara kigumu. Muuza duka wa kwanza hakufurahi kuona kiberiti dukani kwake, na nilimwelewa. Wa pili alinikatia kipande mwenyewe.

Merikani mpya ina wanga wa kiwandani unaoifanya isimame kama boksi. Tuliiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga usiku kucha, tukaifua mara mbili mpaka ikalegea. Kisha chai. Kwa mita sita za kitambaa tulichemsha lita kumi za maji na gramu 100 za majani ya chai ya kawaida, tukachuja majani yote, maana jani likibaki linaacha doa la mviringo, tukatia kitambaa kikiwa kimelowa na kukigeuzageuza kwa mti kwa nusu saa. Kikiwa ndani ya maji kinaonekana kimeiva kupita kiasi, usiogope. Kikikauka rangi inashuka sana. Ndiyo maana tulijaribu kwanza kipande cha kiganja, tukakianika mpaka kikakauka kabisa, ndipo tukaamua muda.

Chai hiyo haikuwa ya uzee wa nguo tu. Kamera ya simu haiwezi kubeba cheupe kikali na cheusi kikali kwa wakati mmoja juani. Ukiweka merikani nyeupe karibu na kaniki, simu inachagua: ama nguo nyeupe inageuka mwanga mtupu usio na mikunjo, ama uso wa mtu unazama gizani. Chai ilishusha weupe, na kaniki tulizifua kwa sabuni ya mche mara kadhaa na kuzianika juani mpaka zikafifia kidogo. Baada ya hapo tofauti kati ya nguo hizo mbili ikawa ndani ya uwezo wa simu. Kilichobaki cheupe kweli kwenye fremu kikawa pamba yenyewe, na hilo ndilo nililolitaka.

Uchakavu nao una mahali pake. Nguo ya mkulima haichakai sawasawa kote. Inachakaa magotini, kwenye makalio, kwenye pindo linaloburuta na pale fundo linapofungwa kila siku. Wanafunzi walisugua sehemu hizo kwa jiwe na udongo uleule wa shambani, wakaacha nyingine zilivyo. Tulikubaliana tusitoboe matundu ya kuonyesha umaskini. Watu wa 1905 walikuwa na heshima ya mavazi yao kama sisi, na nguo iliyochanwachanwa kwa mkasi inajulikana mara moja.

Mwili nao ni sehemu ya maleba. Tuliandika kwenye daftari vitu vya kukagua kabla ya kamera kuwashwa: alama ya saa mkononi, pete, mkanda wa nguo ya ndani unaochungulia kiunoni, rasta za kusuka, mistari ya kinyozi kichwani, kucha zenye rangi. Kisha mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akauliza kuhusu kovu la chanjo ya kifua kikuu. Sote tunalo, begani upande wa kulia. Chanjo hiyo ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921, miaka 16 baada ya Nandete. Kwa mwanamume aliyevaa kaniki begani jibu likawa jepesi: kitambaa kipite bega la kulia, fundo likae hapohapo juu ya kovu. Wanawake waliojifunga kwapani tuliwapiga picha kutoka upande wao wa kushoto. Najua watazamaji wengi wasingeliona kovu lile. Lakini mwanafunzi aliyeliuliza ameelewa historia kwa namna ambayo somo la ubaoni lisingemfikisha.

Sura ya utawala ilikuwa suala gumu zaidi kuliko mavazi ya wakulima. Wengi wakisikia Mjerumani wanatafuta mzungu mwenye kofia ngumu. Lakini mtu aliyemsimamia mkulima wa Umatumbi kila siku hakuwa mzungu. Alikuwa jumbe, na juu yake akida, na akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani aliyeajiriwa na serikali. Akida huvaa kanzu. Kanzu tuliazima bure. Tulichagua isiyo na darizi za mashine wala mng'ao, tukamfunga mwigizaji kilemba cha merikani ya chai. Hapo nikasimama na kufikiri. Shamba la wakulima waliofunga kaniki na mtu wa kanzu aliyesimama juu yao: picha hiyo peke yake inaweza kumfanya kijana aone ugomvi wa dini au wa pwani na bara. Kazi ya kuzuia hilo nikampa msimulizi. Mara akida anapoingia, sauti inasema ameteuliwa na nani, anamtumikia nani, na kwamba pamba ile inakwenda Ujerumani. Sentensi tatu fupi, na kanzu inarudi kuwa vazi tu.

Askari tulimweka mmoja, na anaonekana mwishoni kwa sekunde chache. Askari wa Kijerumani alivaa kaki na tarbushi iliyovishwa kifuniko cha kaki chenye kitambaa kinachoning'inia kulinda shingo. Kifuniko hicho kilituokoa, kwa sababu hatukuhitaji tarbushi nyekundu hata moja. Tulikunja boksi gumu kuwa mzingo unaopungua kidogo juu, tukalifunika kwa kitambaa cha suruali kuukuu ya kaki, na mwanafunzi akashona mkia wa shingoni kwa mkono. Miguuni alizungushiwa vitambaa kuanzia kifundo hadi chini ya goti, vilivyokatwa kwa upana wa kiganja kutoka kwenye shuka la zamani. Tulimpiga picha kutoka nyuma, mabega na kofia tu, akitazama shamba lililo tupu. Nembo ya tai ya mbele ya kofia haikuhitajika.

Bunduki sikuitaka. Bunduki ya mbao ikionekana kwa mbali barabarani inaweza kuleta mtafaruku na hata hatari, na ikionekana kwa karibu kwenye kamera inajulikana kuwa ni ubao. Badala yake tulitumia kiboko. Watu wa wakati ule walikuwa na jina la adhabu yake, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Chetu kilikatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kikazungushwa juu ya ufito na kupakwa masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo. Hakuna mtu aliyepigwa wala aliyejifanya kupigwa. Kamera inakitazama kiboko kikiwa kimekaa mkononi mwa msimamizi, kinagusagusa pindo la nguo yake taratibu, huku nyuma mikono ya mwanamke inachuma pamba kwa haraka zaidi. Fremu hiyo inaeleza hofu kuliko kelele.

Vifaa vingine vilitoka majumbani: vikapu vya ukindu, ungo, kibuyu cha maji, mkeka, majembe mawili. Lebo za kiwandani kwenye majembe tulizikwangua na mipini yenye rangi tukaibadilisha kwa miti iliyochongwa kwa panga. Magunia ya nailoni yalibaki nje ya fremu.

Maji yenyewe yalihitaji uangalifu. Dawa ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewaaminisha watu kwamba maji yake yangewakinga na risasi, inaelezwa kuwa ilikuwa maji yaliyotiwa mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, na wapiganaji walijifunga mabua ya mtama kipajini. Vitu vyote hivyo vinapatikana kwetu. Tuliweka maji kwenye kipande cha mwanzi kilichokatwa juu kidogo ya pingili, ili pingili iwe kitako, tukatia matone machache ya nyonyo. Ukikitazama kwa karibu, mafuta yanaelea na kutengeneza miduara inayokutana na kuachana, na mbegu za mtama zinashuka chini polepole kupita katikati yake. Simu haikuweza kufikia karibu hivyo bila kufifia, kwa hiyo tuliishikilia umbali wa shibiri moja, tukakuza picha kiasi na kufunga fokasi kwa kubonyeza skrini na kushikilia. Mwanga wa jua la jioni ulipita kwenye ukingo wa mwanzi. Ni fremu ya sekunde kumi na moja, haina mtu, na watazamaji wengi waliniambia hiyo ndiyo wanayoikumbuka.

Kinjikitile mwenyewe hatukumwigiza. Habari za kuingia kwake kwenye kidimbwi mwaka 1904 na kutoka akiwa mkavu ni za imani ya watu, na mwigizaji anayetoka majini akiwa mkavu angeonekana kichekesho, ingawa kwa watu wa wakati ule halikuwa jambo la kuchekwa. Tulionyesha habari zikienda: mtu anamnong'oneza mwenzake, naye anageuka kumnong'oneza mwingine, jioni, kandokando ya moto. Msimulizi anasema jina la Kinjikitile na la Ngarambe, basi.

Siku ya kupiga picha tulianza mapema na kumaliza saa tatu asubuhi, tukarudi saa kumi jioni. Jua la adhuhuri linakata nyuso na kuua pamba kwa mwanga. Kamera niliiweka chini, usawa wa kiuno, ikitazama juu kidogo. Ukifanya hivyo vichwa vya pamba vinajaza sehemu ya chini ya fremu na anga inajaza ya juu, na kati yake nguzo za umeme na mabati ya kijiji hupotea. Pia uwanda wa Simiyu hauonekani kuwa uwanda. Hakuna kilima kinachodaiwa, hakuna uongo wa wazi.

Watu tisa wakawa wengi kwa namna ya kawaida. Wanapita mbele ya kamera wakiinama na vikapu, wanazunguka nyuma yangu, wanabadilishana vitambaa na kurudi kutoka upande uleule. Nyuso haziinuliwi, migongo tu. Katika kuhariri nikaweka fremu hizo mbali mbali ili jicho lisipate nafasi ya kulinganisha.

Kung'oa ndiko kulikokuwa na siri yake. Mpamba una mzizi mkuu unaozama wima, na mwezi wa Julai udongo wetu mweusi umekauka na kubana. Mtu mzima mwenye nguvu akivuta kwa juu, shina linakatika na mzizi unabaki. Kwenye filamu hilo lingekuwa balaa, kwa sababu kilele chote cha hadithi ni mzizi kutoka ardhini. Jioni ya jana yake tulichagua miche sita iliyo mbele ya kamera, tukaizungushia jembe kwa chini bila kukata mzizi, tukamwagia kila mmoja ndoo ya maji na kurudishia udongo mkavu juu ili isionekane. Asubuhi mwigizaji alishika shina chini kabisa karibu na ardhi, akalitikisa kwanza mbele na nyuma, kisha akavuta. Ukatoka mzima, na udongo wenye unyevunyevu umeganda kwenye mzizi. Kipaza sauti kidogo cha kubana shatini tulikuwa tumekifukia ndani ya soksi sentimita chache kutoka kwenye mche, kwa hiyo sauti ya nyuzi za mizizi zinazokatika ilisikika wazi. Sikuongeza sauti nyingine yoyote pale.

Nikaamua pia kwamba wahusika hawatazungumza. Watu wa Nandete walisema Kimatumbi. Waigizaji wangu wanasema Kisukuma na Kiswahili cha huku. Kuwaweka kinywani Kiswahili chetu cha leo kungewafanya wawe watu wengine. Ukimya ulipunguza pia kazi: hakuna kukariri, na upepo ukivuma juu ya mazungumzo hakuna kinachoharibika.

Hivyo mzigo wote wa maneno ukamwangukia msimulizi, nami niliandika maneno yake mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kuna wanaopenda msimulizi awe mzee wa kubuni anayesema "mimi nilikuwapo". Mimi sikubaliani na hilo kwa tukio la kweli. Wazee waliokuwapo walihojiwa kweli, katika utafiti wa Majimaji uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968, na kutunga ushahidi mwingine pembeni ya wao ni kuwakosea. Msimulizi wetu ni mtu wa leo, anajua mwisho wa habari, na anasema hivyo.

Kwa usomaji wa utulivu, Kiswahili kinakwenda kama maneno 100 kwa dakika. Filamu ya dakika sita ikijazwa maneno 600 inakuwa hotuba yenye picha. Tulijiwekea kikomo cha maneno 300, ili nusu ya muda iwe ya upepo, majembe na pumzi. Kila sentensi niliipitisha kwenye swali moja: je, picha tayari imesema hili? Rasimu ya kwanza ilianza, "Wakulima wanachuma pamba wakiwa wamechoka." Picha imekwisha kulionyesha, nikafuta. Pakaingia, "Pamba hii hawaipandi kwa hiari. Ikichelewa kuchumwa kuna adhabu, na mashamba yao ya chakula yanasubiri." Hayo hayaonekani kwenye fremu.

Kuna sentensi moja iliyotuchelewesha. Vitabu vinasema mpango wa mashamba ya pamba ya lazima ulianza mwaka 1902 katika wilaya ya Dar es Salaam, na kila mtu mzima alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka. Namba hiyo ni nzuri kusikia, na wanafunzi walitaka isemwe juu ya picha ya wakulima wetu. Lakini wakulima wetu ni wa Nandete, na 28 ni namba ya mpango ulivyoandikwa kwa Dar es Salaam. Tuliandika hivi: "Mpango ulianzia wilaya ya Dar es Salaam mwaka 1902, siku 28 za kazi kwa mwaka kwa kila mtu mzima. Ulipofika kusini, watu waliendelea kuhesabu siku zao kwa uchungu." Msimulizi anaweka namba mahali pake na hisia mahali pake.

Idadi ya waliokufa ilihitaji uangalifu kama huo. Makadirio yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala. Kuchagua namba moja ni kudanganya, na kuruka zote ni kuwasahau. Msimulizi anazitaja zote mbili kwa sentensi moja, kisha ananyamaza kwa sekunde sita juu ya picha ya ungo mtupu.

Aliyesoma ni mama mmoja anayeongoza kwaya kanisani, mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Nilimwomba asiigize. Tulirekodi saa tano usiku, kijiji kimelala, ndani ya chumba chenye godoro lililosimamishwa ukutani na blanketi lililotandikwa juu ya vichwa vyetu na simu. Mabati bila dari yanarudisha sauti kwa mlio wa kopo, na blanketi linaondoa karibu wote. Simu iliwekwa upana wa viganja viwili kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi p na b zisipige moja kwa moja. Alisoma kila aya mara tatu bila kusimama kati, na nikagundua kwamba usomaji wake wa pili karibu daima ndio bora: wa kwanza bado anatafuta maneno, wa tatu ameanza kuyapamba.

Kwenye skrini, mwanzoni, tuliweka maandishi kwamba hili ni igizo lililopigwa Simiyu, kwamba mavazi yametengenezwa na wanafunzi, na kwamba minong'ono ya kandokando ya moto ni ya kubuni. Mwishoni, baada ya mche kung'olewa na askari kusimama kwenye shamba tupu, msimulizi anataja tarehe mbili tu. Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile alinyongwa Mohoro, vita vikiwa bado vichanga kabisa, bila yeye kuona vinafika wapi. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kati ya tarehe hizo mtazamaji anajua moto ulikwenda umbali gani kutoka kwenye miche ile.

Tuliionyesha kwanza darasani kwa projekta ya kuazima. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake aliinuka akasema kaniki zile zimefungwa vizuri, ila mwanamke wa tatu amefunga kama mtu anayekwenda sokoni na siyo shambani. Shambani, akasema, fundo linakaa mgongoni ili mikono iwe huru na kikapu kisilikwaruze. Akasimama mbele ya wanafunzi akaonyesha kwa shuka lake mwenyewe. Tumeandika hilo kwenye daftari la maleba.

Vitambaa vyote vimefuliwa na viko kwenye gunia, vikiwa na vipande vya mwarobaini kuzuia wadudu. Tunavihitaji tena, kwa sababu klabu imeamua filamu ijayo iwe ya wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, wale waliobebeshwa mizigo ya majeshi na kuacha jina la Kariakoo. Merikani ileile itafaa, na kofia ya askari pia. Tunachotafuta sasa ni mablanketi ya kijivu ya pamba au sufu, yasiyo na nailoni, na tayari wanafunzi wanazunguka na kiberiti.